Kaza Mkanda kwa Mizani, Si kwa Mtaimbo

Hotuba kwa wenye mashine za kusaga na mafundi wao, Busia, Uganda

Wazee wangu, kina mama wenye mashine, na nyinyi mafundi wenzangu mliokaa kule karibu na mlango, hamjambo. Asanteni kwa kufunga mashine zenu asubuhi hii, maana najua mahindi yameanza kushuka sokoni na kila saa ina mteja wake.

Nimeitwa nizungumze juu ya mota zinazoungua. Nitazungumza juu ya mkanda, kwa sababu mota nyingi zinazoletwa kwangu kuzungushiwa waya upya hazikuuawa na umeme. Mwenyewe anaishusha mota kwenye gari huku akisema, "Fundi, umeme umeniua, ulipanda ukashuka." Wakati mwingine ni kweli. Lakini nikifungua kifuniko cha upande wa puli, mara nyingi nakuta beringi ilikwisha kabla waya hazijaungua. Beringi ikilika, rota inashuka. Nafasi iliyopo kati ya rota na kile chuma cha nje kinachobeba waya haifiki milimita moja. Rota ikishuka kidogo tu inaanza kukisugua chuma, chuma kinapata moto, vanishi ya waya inachomeka, na hapo ndipo mnapoona moshi. Mwenye mashine anaona moshi anasema ni umeme. Analipia waya mpya na beringi mpya, mota inarudi, fundi anaifunga na kukaza mkanda vilevile alivyoukaza mara ya kwanza. Baada ya miezi michache nakutana na mota ileile.

Nimekuja na beringi moja. Naomba ipite mkono kwa mkono, kila mtu aishike, na anayeweza aiweke kwenye mwanga wa dirisha. Imetoka kwenye mota ya kilowati 15, ile tunayoiita hosipawa 20, ambayo wengi wenu mnayo. Imeandikwa 6309 ubavuni. Nimelikata duara la nje ili muone njia zinapopita gololi. Tazameni: upande mmoja wa duara bado ni laini na unang'aa kama ulivyotoka kiwandani. Upande wa pili chuma kimemomonyoka, kimetoka vipande vipande, na ukipitisha ukucha unanasa. Kabla sijaing'oa beringi hii niliweka alama ya chaki kwenye kifuniko kuonyesha upande unaoelekea mashine ya kusaga. Upande uliomomonyoka ndio huohuo unaoelekea mashine.

Sababu yake ni nyepesi kuiona. Mkanda unaivuta shafti ya mota kuelekea mashine, mchana kutwa, daima upande uleule. Duara la ndani la beringi linazunguka na shafti, kwa hiyo linagawana mzigo pande zote. Duara la nje limekaa pale pale ndani ya kifuniko, halizunguki. Mvuto wote wa mkanda unaangukia kipande kimoja cha duara hilo, gololi zinapita juu yake mamilioni ya mara, na chuma kinachoka kwa chini, pale tusipopaona. Ufa mdogo unazaliwa chini ya uso wa chuma, unapanda juu, kisha kipande kinabanduka. Vumbi la unga likiingia kwenye beringi linakwaruza duara zima, mbele na nyuma. Hili halikukwaruzwa duara zima. Na beringi ya nyuma ya mota hiyohiyo, ile ya upande wa feni, niliisafisha nikaikuta nzima kabisa. Mota moja, umeme mmoja, grisi moja, vumbi moja. Beringi ya upande wa puli imekufa na ya upande wa feni ni nzima. Fundi akikuta hali hiyo, aache kwanza kuulaumu umeme, aende akaangalie mkanda.

Sasa tuseme mkanda unafanya kazi vipi, maana hapa ndipo kosa linapoanzia.

Mkanda wa V haubebi kazi kwa tumbo lake, unabeba kwa mbavu. Mbavu zake zimechongwa kwa pembe ya nyuzi 40, na mifereji ya puli imechongwa kwa nyuzi 34 hadi 38 kulingana na ukubwa wa puli. Mkanda ukivutwa unajisindika wenyewe ndani ya mfereji, mbavu zinaibana puli kwa pande mbili, na ule msindiko unaongeza mshiko karibu mara tatu kuliko mkanda bapa uliovutwa kwa nguvu ileile. Ndiyo maana mkanda wa V hauhitaji kukazwa kama kamba ya hema. Umbo lake limeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Tena chini ya mkanda, kwenye sakafu ya mfereji, lazima kuwe na nafasi wazi. Mkanda ukigusa sakafu, mbavu zinaacha kubana na msindiko wote unapotea.

Jambo la pili ni hili, nalo naomba mlishike sana. Mashine ikiwa inasaga, upande mmoja wa mkanda unakaza zaidi na upande unaorudi unalegea. Ukijumlisha mvuto wa pande zote mbili, jumla inabaki karibu ileile iliyokuwepo mashine ikiwa imesimama. Maana yake ni kwamba mzigo unaoivuta shafti hauamuliwi na mahindi. Unaamuliwa na mtu aliyekaza mkanda. Ukikaza kupita kiasi, beringi inabeba mzigo huo hata pale mashine inapozunguka tupu ukimsubiri mteja.

Basi kipimo cha mkanda ni kimoja tu: ukaze wa kutosha mkanda usiteleze mashine inapobeba mahindi mengi kuliko kawaida, na uishie hapo. Kila unachoongeza juu ya hapo hakisagi hata debe moja. Kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Sasa nije kwenye mashine yenyewe. Mota ya beringi hii ilikuwa kwa mama mmoja mwenye mashine ya nyundo. Mota ni ya kilowati 15, inazunguka mizunguko 1,460 kwa dakika. Puli ya mota ina kipenyo cha milimita 160, na mikanda ni minne ya saizi B. Mama alikuwa analalamika kwamba beringi ya mbele haimalizi msimu, na kwa haki yake alikuwa amebadilisha duka la vipuri akidhani anauziwa beringi bandia. Nilimwomba nisiiguse mota kwanza, nipime mkanda jinsi ulivyo.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Zima umeme kwenye swichi kuu na uweke kufuli au utoe fyuzi, asije mtu akawasha ukiwa umeshika mkanda. Pima kwa rula urefu wa mkanda unaoonekana kati ya puli mbili, kuanzia pale mkanda unapoiacha puli ya kwanza hadi pale unapoigusa ya pili. Kwa mama yule ulikuwa milimita 900. Kanuni ni kwamba mkanda uvutwe katikati ya urefu huo mpaka usogee milimita 16 kwa kila mita moja. Kwa milimita 900, hesabu inatoa milimita 14 na kidogo. Chukua mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama au samaki, nasa mkanda mmoja katikati kwa ndoano, uvute moja kwa moja, si kimshazari. Mikanda iliyobaki inakuwa alama yako: unapima ule mmoja umesogea milimita ngapi kutoka usawa wa wenzake. Ukifika milimita 14, soma mizani.

Kwa mkanda wa saizi B wenye puli ndogo ya milimita 125 hadi 200, mizani inatakiwa isome kati ya kilo 2 na kilo 3, yaani nyutoni 20 hadi 30. Kwa mkanda wa A wenye puli ya milimita 80 hadi 140 ni kilo 1 hadi kilo 1 na nusu. Kwa mkanda wa C wenye puli ya milimita 200 hadi 400 ni kilo 4 hadi 6. Herufi hiyo imeandikwa mgongoni mwa mkanda, msiibahatishe.

Kwa mama yule mizani ilisoma kilo 7 na nusu. Nikarudia mkanda wa pili, wa tatu, wa nne, yote ikazunguka hapo hapo. Fundi wake alikuwa ameisukuma mota kwa mtaimbo, mtu mmoja akisukuma na mwingine akifunga nati, na alijivunia kwamba mkanda ukiupiga kidole unalia kama waya wa gitaa.

Tufanye hesabu ya kilo 7 na nusu hizo, polepole, maana namba ndizo zitakazowashawishi kuliko maneno yangu.

Mkanda ukisogea milimita 16 kwa mita, nguvu uliyoivutia ni ndogo mara 16 hivi kuliko mvuto uliomo ndani ya mkanda wenyewe. Kwa hiyo mkanda unaosoma kilo 2 na nusu kwenye mizani una mvuto wa kama kilo 40 ndani yake. Una pande mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo unaivuta puli kwa kilo 80. Mikanda minne inaivuta kwa kilo 320 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho mashine ile inakihitaji na mota ile inakibeba vizuri. Sasa pale mizani inaposoma 7 na nusu, kila kitu kinapanda mara tatu: kilo 960. Fikirieni magunia ya mahindi ya kilo 100. Yanayopaswa kuning'inia kwenye shafti ile ni matatu, nayo ilikuwa imening'inizwa karibu magunia kumi, ikizunguka mizunguko 1,460 kila dakika.

Na beringi ya mbele inabeba zaidi ya hapo. Puli iko nje ya beringi, kwa hiyo shafti inafanya kama wenzo: beringi ya mbele inabeba mvuto wa mkanda pamoja na nyongeza, kwa mota hii kama asilimia 30. Kilo 320 zinakuwa kama 415. Wale wanaofunga puli kwenye ncha kabisa ya shafti badala ya kuisukuma mpaka karibu na mota wanaiongeza nyongeza hiyo bila sababu. Kumbukeni hilo mnapopiga puli.

Watengenezaji wa beringi wana kanuni ya umri ambayo fundi yeyote anaweza kuifanya kwa simu yake. Kwa beringi ya gololi, chukua uwezo wa beringi uliochapishwa kwenye kitabu chake, gawanya kwa mzigo inaobeba, kisha uzidishe jibu mara jibu mara jibu. Jibu hilo ni mamilioni ya mizunguko ambayo beringi 90 kati ya 100 zitaifikisha zikiwa nzima. Uwezo wa 6309 ni kama nyutoni 55,000. Mzigo wa kilo 415 ni nyutoni 4,150 hivi. Ukifanya hesabu hiyo na kuibadilisha kuwa saa kwa mizunguko 1,460, unapata kama saa 26,000. Mashine inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inakula saa 260 kila mwezi. Kwa hiyo saa 26,000 ni miaka zaidi ya 8.

Sasa sikilizeni ubaya wa kuzidisha mara tatu. Mzigo ukiongezeka maradufu, umri haupungui nusu. Unagawanywa kwa 8, kwa sababu 2 mara 2 mara 2 ni 8. Miaka 8 inakuwa mwaka mmoja na wiki chache. Mzigo ukiongezeka mara tatu, umri unagawanywa kwa 27. Saa 26,000 zinakuwa chini ya saa 1,000. Kwa mashine ya mama yule hiyo ni miezi minne isiyotimia, ambao ndio msimu mmoja. Beringi hazikuwa bandia. Zilikuwa zinafanya kile hasa ambacho hesabu inasema zitafanya.

Na hata mtu asiyetumia mtaimbo asijione salama. Mzigo ukiongezeka kwa robo tu, umri wa beringi unapungua karibu nusu. Robo ni kitu kidogo ambacho kidole gumba hakiwezi kukitambua. Ndiyo maana mimi siamini kidole gumba. Mkanda mrefu unaonekana umelegea hata ukiwa sawa, mkanda mfupi unaonekana umekaza hata ukiwa umelegea, na kila fundi ana gumba lake.

Hesabu hii inachukulia kwamba grisi ni safi na inatosha. Kwenye vyumba vyetu vya kusagia vumbi lipo, na ninajua beringi nyingi hazifiki miaka 8 hata mkanda ukiwa sawa. Lakini mkanda uliokazwa sana unaichokoza grisi pia. Mzigo mkubwa unaikamua ile ngozi nyembamba ya mafuta iliyo kati ya gololi na njia yake, chuma kinagusana na chuma, joto linapanda, grisi inayeyuka na kuvuja kwenye sili. Mkiona grisi imechuruzika kwenye uso wa mota upande wa puli, na kifuniko cha upande huo kina joto kuliko cha upande wa feni, hamhitaji kungoja kelele.

Kwa nini basi fundi anakaza hivyo? Hafanyi kwa ubaya. Nimeongea na wengi, na nikiwasikiliza nakuta sababu kubwa ni kwamba mkanda ulikuwa unateleza. Mashine ikipewa mahindi unapiga mluzi, unanuka mpira ulioungua, unamwaga unga mweusi chini ya puli. Mwenye mashine anapiga kelele, foleni ipo, fundi anakimbilia mtaimbo. Mluzi unanyamaza, wote wanafurahi. Kosa la kwanza lilibaki palepale, limefichwa tu.

Kwa hiyo mkanda ukiteleza ilhali mizani inasoma sawa, mtaimbo wekeni chini, angalieni puli. Ondoa mkanda, futa mfereji kwa kitambaa, utazame kwenye mwanga. Mbavu za mfereji zinatakiwa ziwe zimenyooka. Zikiwa zimeingia ndani, zimebonyea kama bakuli, puli imelika. Kisha tazama sakafu ya mfereji. Ikiwa inang'aa kama kijiko, mkanda ulikuwa unaikalia, mbavu hazikuwa zinabana tena, na hapo hakuna ukazaji wowote utakaouzuia kuteleza. Utakaza mpaka beringi ife na mkanda bado utateleza. Puli ile ya mama, mifereji yake miwili ilikuwa inang'aa chini. Mikanda miwili ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ya minne, na fundi alikuwa anajaribu kuifidia kwa mtaimbo. Dawa ilikuwa puli mpya.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni kuchanganya mikanda. Mmoja umekatika, ananunuliwa mwenzake mpya anawekwa pamoja na mitatu mizee iliyokwisha kurefuka. Ule mpya ni mfupi, unabeba peke yake, mitatu inapiga piga hewani. Fundi akikaza mpaka ile mizee ishike, mpya umevutwa kupita kiasi na beringi inalipa. Mikanda minne inanunuliwa kwa pamoja, ya kiwanda kimoja, yenye namba moja ya urefu. Mitatu mizee isiyo na nyufa mwekeeni jirani mwenye mashine ya mkanda mmoja.

Pia angalieni usawa wa puli. Shika uzi, uvute ukipita kwenye nyuso za puli zote mbili, uguse sehemu nne: mbili kwa puli ya mota, mbili kwa puli ya mashine. Kama kingo za puli zina unene sawa na uzi unagusa zote nne, mko sawa. Puli zikiwa kombo, mkanda unasugua ubavu mmoja, unateleza mapema, na mtu atakuja na mtaimbo tena.

Sasa ufungaji wenyewe, nitausema haraka kwa sababu wengi mnaujua. Legeza boliti za mota, isogeze ndani kuelekea mashine mpaka mikanda iingie kwa mkono. Usiupandishe mkanda kwa bisibisi juu ya ukingo wa puli, kwa sababu nyuzi za ndani zinakatika na wewe huzioni, kisha mkanda unajipindua baada ya siku chache. Mikanda ikishaingia, panga ulegevu wa yote uwe upande mmoja, juu au chini. Rudisha mota nyuma kidogo kidogo kwa boliti za kusukumia. Kama reli za mota hazina boliti za kusukumia, muulizeni mchomeleaji aziweke, ni nati mbili na vipande viwili vya chuma, na mtaimbo hautahitajika tena kwenye kazi hii. Zungusha puli kwa mkono mizunguko michache ili mikanda ikae kwenye mifereji, kisha upime kwa mizani.

Mkanda mpya una jambo lake. Unapoanza kazi unakaa ndani ya mfereji na kurefuka kidogo, na mvuto unashuka. Kwa hiyo siku ya kwanza unaruhusiwa kuupa mpaka robo zaidi ya kile kipimo cha juu: kwa B, kilo 3 na robo tatu hivi, usifike 4. Washa mashine isage nusu saa, zima, pima tena, rudisha ndani ya kilo 2 hadi 3. Kesho yake pima tena. Nawasihi sana juu ya hili, kwa sababu mafundi wengi wanakaza mara tatu siku ya kwanza ili wasirudi kesho. Nauli ya bodaboda ya kurudi kesho ni ndogo kuliko beringi, na ni ndogo mno kuliko mota.

Mama yule tulimwekea puli mpya ya mota na mikanda minne mipya, tukapima kilo 3 na nusu, baada ya nusu saa ikasoma 2 na robo tatu. Alipoanza kumimina mahindi alisimama akisubiri mluzi. Haukuja. Kilichomshangaza zaidi ni mota, ambayo saa saba mchana aliweza kuweka kiganja juu ya kifuniko cha mbele na kukiacha pale.

Naona mikono. Nianze na kijana wa kule nyuma.

Ameuliza kama hatuwezi kuweka beringi ya rola mbele badala ya ya gololi, kisha tukaze tunavyotaka. Swali zuri, na ni kweli viwanda vinaweka beringi ya rola kwenye mota zinazovuta mikanda mizito. Beringi ya aina hiyo inayoingia mahali pa 6309 ni NU 309, na inabeba mvuto wa pembeni zaidi ya ile ya gololi. Lakini shafti ya mota inabaki ileile, inapinda kwa mzigo uleule, na beringi za mashine ya kusaga upande wa pili wa mkanda zinavutwa kwa kilo zilezile ulizoziweka. Utakuwa umehamisha kifo kutoka mota kwenda kwenye mashine. Tena beringi ya rola inahitaji mzigo wa kutosha ili rola zizunguke vizuri. Ukifunga mota hiyo kwa mkanda mlegevu, rola zinateleza badala ya kuzunguka, na inaharibika kwa njia nyingine. Pima mkanda kwanza. Ukiona mzigo sahihi wenyewe ni mkubwa kwa 6309, hapo ndipo tuzungumze juu ya NU.

Na mama hapa mbele anauliza, kama mizani haipo na fundi hajafika, yeye mwenyewe afanye nini. Mama, kama upande wa juu wa mkanda wako umelala usawa, au karibu na usawa, jerikeni ndogo inakutosha. Chukua jerikeni tupu ya lita 3 au 5, uipime dukani uzito wake, mara nyingi ni gramu mia mbili hivi. Weka maji mpaka jumla ifike kilo 2 na nusu, lita moja ya maji ni kilo moja. Zima mashine na ufunge swichi kuu. Funga jerikeni kwa kamba katikati ya mkanda mmoja wa juu, iachie ining'inie, na upime kwa rula mkanda umeshuka milimita ngapi chini ya wenzake. Kwa mkanda wa B wenye milimita 900 kati ya puli, ukishuka karibu milimita 14 uko sawa. Ukishuka milimita 5 tu, umekazwa mno, na unaweza kumwambia fundi hivyo huku ukimwonyesha rula. Ukishuka zaidi ya 20, umelegea. Fanya hivyo kwa kila mkanda, mmoja baada ya mwingine. Kama mota yako iko sakafuni na mashine iko juu, mkanda umesimama kimshazari, jerikeni itakudanganya kwa sababu haivuti moja kwa moja, kwa hiyo hapo nunua mizani ya springi.